Kutoka picha ya jedwali la bikoni hadi orodha safi

Habari za asubuhi, wapima na wanafunzi. Leo tuchukue kiwanja kimoja cha Dar es Salaam, nilichokibuni kwa ajili ya somo. Ramani yake ya upimaji imekaa kabatini imekunjwa, mtu kaipiga picha kwa simu na kututumia. Kabla ya namba yoyote, nakilini kichwa cha jedwali: UTM, Arc 1960, kanda ya 37 kusini, mita. Wengi hukiruka. Kisha ondoeni nafasi na mikato ya maelfu, ibaki nukta ya desimali tu:

```
bikoni,N,E
411,9248316.40,524607.10
412,9248320.40,524637.10
413,9248300.40,524689.77
414,9248296.40,524609.77
```

Sasa tafuteni urefu wa kila upande, mkimaliza kwa kurudi 411; kwa hiyo irudieni 411 chini ya 414. Kwenye Excel, N ikiwa safu ya B na E safu ya C:

```
=SQRT((B3-B2)^2+(C3-C2)^2)
```

Linganisheni na urefu ulioandikwa kwenye mchoro. Upande wa 411–412 ni 30.27, sawa. 414–411 ni 20.18, sawa. Lakini 412–413 unatoka 56.34 badala ya 20.18, na 413–414 unatoka 80.10 badala ya 30.27. Pande zote mbili mbovu zinakutana 413, basi kosa liko hapo. Liko safu gani? Kiwanja hiki pande zake zinazotazamana ni sambamba. Kutoka 411 kwenda 412, E inaongezeka 30. Kutoka 413 kwenda 414 inapungua 80. Ziada ni 50 kamili, yaani tarakimu moja tu, ya makumi: 8 ilipaswa kuwa 3. Ikuzeni picha muone kama mkunjo wa karatasi umeziba tumbo la ile 3. Kama haisomeki, ombeni picha nyingine. Hesabu inawaonyesha pa kutazama; haiwapi ruhusa ya kubuni.

Mpangilio nao una mtego wake, kwa sababu bikoni hazifuatani uwanjani kwa namba kila mara. Hapa, baada ya kusahihisha, eneo ni mita za mraba 610.68. Mkiziandika 411, 412, 414, 413, mistari inakatana na fomula ya eneo inatoa sifuri.

Vipimo je? Pande zote zikizidi zile za mchoro kwa takriban mara 3.28, koordineti ziko kwa futi; zidisheni kwa 0.3048. Upande mmoja ukizidi peke yake, hilo si suala la futi.

Lakini ukaguzi huu una upofu. Mkibadilishana safu za N na E, urefu na eneo vyote vinakubali. Hapo tazameni ukubwa wa namba: kwa Dar es Salaam, N ina tarakimu saba ikianza na 9, E ina sita. Vilevile, mkizichora namba za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS 84, pande zinabaki sahihi huku kiwanja kizima kimehamia kwa jirani, mamia ya mita kutoka kilipo. Kichwa cha jedwali peke yake ndicho kinachoweza kuwaambia hilo.