Hesabu Mistari Kabla ya Kununua Adapta

Walionisikia mara nyingine wanajua nitakachosema, na bado nitakisema, kwa sababu kila wiki naletewa maiki nzima nikiambiwa imekufa. Haijakufa. Shika pini ya maiki yako ya kola, uhesabu mistari myeusi kwenye chuma. Miwili? Basi ina pande tatu za chuma, na kwenye boksi wameandika TRS. Mitatu? Ina pande nne, ndiyo TRRS. Kamera nyingi zinataka pande tatu. Tundu la iafoni la simu linataka nne.

Kuna kijana alirekodi mawaidha ya saa nzima, simu juu ya stendi hatua kadhaa kutoka kwa sheikh, maiki ya pande tatu imebanwa kwenye kanzu. Pini iliingia vizuri, ikalia "tik". Nyumbani akasikia feni, watoto, kikohozi cha mzee wa safu ya mbele, na sheikh kwa mbali kama yuko kisimani. Akalaumu maiki. Nami nikamuuliza: maiki mbovu ingenasaje kikohozi? Sauti ile ilinaswa na maiki ya simu yenyewe!

Sikilizeni sababu, maana hapa ndipo watu wanaponikimbia. Ndani ya tundu la simu kuna miguso minne. Kwa simu nyingi za sasa, ukianzia nchani mwa pini, ni sauti ya kushoto, sauti ya kulia, ethi, halafu maiki huku chini kabisa. Pini ya pande tatu haina mgawanyo huo wa mwisho. Chuma chake cha chini ni kirefu, kwa hiyo kinagusa ethi na maiki kwa pamoja. Shoti. Simu inapima njia ya maiki, inakuta hakuna ukinzani wowote, inaamua kwamba umechomeka hedifoni za kusikilizia tu. Inaendelea kurekodi kwa maiki yake bila kukuonya. Ingegoma kabisa ungeshtuka mapema, lakini haigomi, na hapo ndipo inapokupata.

Kwa hiyo jaribu kabla ya shughuli. Anza kurekodi, kwaruza maiki ya kola kwa ukucha, kisha kwaruza ukingo wa chini wa simu. Chomoa pini, usikilize. Kama mkwaruzo wa simu ndio uliovuma, maiki ya kola haisomwi.

Kijana yule akaenda dukani, akaomba "adapta ya maiki". Akapewa, akarudi na kikohozi kilekile. Adapta ilikuwa ya kinyume: jike lenye pande nne, dume lenye pande tatu. Alilochomeka kwenye simu lilikuwa lilelile la pande tatu, shoti ileile. Dume la adapta lifanane na kifaa. Jike lifanane na maiki. Maiki ya pande tatu kwenda kwenye simu: jike tatu, dume nne. Kwa kampuni ya maiki ya Rode hiyo ni SC4, na ya kinyume chake, ya kupeleka maiki ya simu kwenye kamera, ni SC3. Wao upande wa pande nne huupaka kijivu. Za bei nafuu zote ni nyeusi, kwa hiyo hesabu mistari mbele ya muuzaji, akikasirika akasirike.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mbona Boya yangu ya BY-M1 ina pande nne na inaingia kwenye kamera bila adapta?" Ndiyo, kwa sababu ina kile kiboksi chenye swichi ya simu na kamera, na betri ndogo ya LR44 ndani. Sahau swichi, au betri iishe ukiwa upande wa kamera, utapata kimya. Maiki ya pande nne isiyo na swichi ni habari nyingine: kamera inatafuta sauti nchani, nayo sauti iko chini, pale kamera ilipoweka ethi. Kimya, au mvumo.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti ananitazama. Simu zisizo na tundu la iafoni, haraka haraka: adapta ya tundu la chaji lazima iwe inapokea maiki, kwani nyingine zinatoa sauti tu. Na tundu lake huwa limepangwa kama la simu, pande nne, kwa hiyo maiki ya pande tatu bado inahitaji adapta yake katikati.

Dada pale nyuma anauliza kuhusu ule waya wa matundu mawili, moja la hedifoni, moja la maiki. Unafaa, mradi dume lake lina mistari mitatu. Chomeka maiki ya pande tatu kwenye tundu lenye picha ya maiki, kisha ukwaruze.