Panga Tatu, Rafiki Akikusaliti

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna karata ambayo hata asiyejua taroti akiiona anashtuka: moyo mwekundu umechomwa panga tatu, nyuma yake mawingu na mvua. Panga Tatu.

BARAKA: Na aliyeipata ametuachia tuzungumze kisa chake bila kumtaja. Mimba yake iliharibika, akamweleza rafiki yake mmoja tu, wale wa chanda na pete. Baada ya muda mashemeji wanampa pole. Akaja kwako dada Zuhura na swali, "Kwani siku zote alikuwa ananichukia?"

ZUHURA: Hapo msomaji anaweza kuharibu hata kabla ya kuchanganya karata. Swali hilo linahusu moyo wa mtu ambaye hayupo mezani. Nikisema "ndiyo, alikuwa na kijicho," nimemchoma mara ya pili, na ushahidi sina. Nilimwambia yaliyo moyoni mwa rafiki yake siwezi kuyasoma. Tuulize nini kimeumia, nini kinayafanya maumivu yaendelee, na sasa afanye nini. Alinyamaza kidogo, akakubali.

BARAKA: Zikatoka karata tatu, moja kwa kila swali: Panga Tatu, Vikombe Sita, kisha Panga Nne. Sasa Panga Tatu ndiyo ya kwanza. Wengine wangekimbilia kumtuliza, "usijali, yatapita."

ZUHURA: Hilo ni kumnyima haki yake ya kulia. Nilimwambia waziwazi kwamba karata hii ni ya huzuni, na kwamba imekaa mahali pa kilichokwisha kuumia, kwa hiyo haitabiri msiba mwingine. Hofu ya wengi iko hapo, wanadhani kuna kingine kinakuja. Kisha nikamwomba aitazame picha yenyewe. Pamela Colman Smith aliichora kwa ajili ya seti iliyotoka mwaka 1909, na hakuweka mtu wala mkono ulioshika upanga.

BARAKA: Kweli! Mkono tunauongeza sisi.

ZUHURA: Tunauongeza sisi, halafu tunauvalisha sura ya mtu. Hata Waite, aliyeandika maana za seti ile, orodha yake ya karata hii ikiwa wima ina kuondoka, kutokuwepo, kuchelewa, kugawanyika, kuvunjika. Usaliti haukuutaja. Kwa hiyo nilimwomba ataje panga zake mwenyewe, moja moja. Wa kwanza, mimba. Wa pili, siri yake kutembea. Wa tatu ulichukua muda, akasema, "Kila nikiumia nilikuwa nampigia yeye. Sasa nampigia nani?"

BARAKA: Lo.

ZUHURA: Ningemwanzishia mimi hadithi ya kijicho, upanga huo usingetajwa kabisa.

BARAKA: Vikombe Sita je? Mtoto anampa mwenzake kikombe chenye maua. Wengi wangesema mtarudiana.

ZUHURA: Wangesahau imekaa wapi. Hapo ni mahali pa kinachoendeleza maumivu. Nikamuuliza, unarudi wapi unapokumbuka? Akasema usiku anasoma meseji zao za zamani, akitafuta alikosea wapi kumwamini. Sikumwambia azifute. Nilimwambia tu kwamba wema wa siku zile unaweza kuwa wa kweli na siri nayo ikawa imetolewa, yote mawili. Hana haja ya kuihukumu miaka yote usiku mmoja.

BARAKA: Panga Nne ndiyo iliyonitia wasiwasi. Yule shujaa amelala juu ya kaburi, na mbele yako kuna mwanamke aliyepoteza mimba.

ZUHURA: Nilipoigeuza nilitangulia kusema, "Hii ni sanamu, na maana yake ni kupumzika." Ukichelewa, jicho linaona kaburi na akili inakwenda nalo. Halafu nikamwonyesha panga: tatu zimetundikwa ukutani, mmoja uko chini yake. Hakuna uliotoweka, ila hakuna anayepigana sasa. Kwake ilikuwa na maana kwamba si lazima amjibu rafiki yake wiki hii, wala amsamehe, wala amkatae.

BARAKA: Akaomba karata nyingine, nadhani.

ZUHURA: Akaomba. "Moja tu, nijue kama anajuta." Nilikataa. Ni swali lile lile limeingilia mlango wa nyuma, na nikivuta tano nitapata hadithi tano za kumkosesha usingizi.

BARAKA: Na kama angesema hali chakula kabisa, au hataki kuishi?

ZUHURA: Karata ningezifunga palepale. Ningemuuliza wazi kama anafikiria kujiua, nisingemwacha peke yake, na tungempigia pamoja mtu wake na daktari au mshauri. Yeye hakufika huko. Nilimuuliza upanga wa tatu ungepata jibu kwa nani, akamtaja dada yake, ambaye hajui lolote. Tukakaa tukatafuta maneno ya kuanzia, karata zikiwa zimesharudi kwenye boksi.