Kusaka watu wa kazi kwa niaba ya wakala wa ajira ukiwa nyumbani: nafasi moja, mwanzo hadi mwisho

Karibuni. Leo tunafuata nafasi moja ya kazi tangu wakala wa ajira aliponitumia mpaka mtu alipopatikana. Mimi niko nyumbani na kompyuta yangu. Kazi yangu ni kumtafutia wakala watu, kuchuja wasifu wao na kupanga ratiba ya usaili. Nafasi ni ya mhasibu anayeshughulikia ankara za wasambazaji kwa kutumia SAP, mfumo wa kompyuta ambao kampuni hutunzia hesabu na ununuzi wake, na atafanya kazi kwa mbali. Nimeichagua hii kwa sababu karibu kila mhasibu huandika SAP kwenye wasifu wake, na kujua nani ameitumia kweli ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii.

Hatua ya kwanza: usifungue ukurasa wa kutafuta kabla hujaongea na wakala. Mwombe nusu saa. Hapa kwenye skrini mnaona maelezo aliyonitumia, yana masharti 14. Ukisaka mtu mwenye yote 14, hutampata. Kwa hiyo nilipitia sharti moja baada ya jingine na kila mara nikamuuliza swali hilihili: "Mtu mzuri akikosa hili, mtamkataa?" Tulipomaliza yalibaki matatu. Awe ameshughulikia ankara za wasambazaji kwa miaka miwili au zaidi. Awe ametumia SAP kwa mikono yake. Na saa zake za kazi zikutane na za timu ya mteja, yaani kampuni inayoajiri, iliyo katika ukanda wa saa wa UTC+1, kwa saa nne au zaidi kwa siku. Shahada, ambayo ilikuwa juu kabisa kwenye maelezo, ilishuka ikawa nyongeza tu.

Yaandike hayo matatu kwenye barua pepe, mtumie, na usubiri akujibu kwamba mmekubaliana. Barua hiyo itakuokoa siku atakaposema alitaka mtu mwingine kabisa.

Katika mazungumzo hayohayo ongeeni malipo yako. Kuna njia mbili, kwa saa au kwa kila anayeajiriwa, na ushauri wangu uko wazi: kwa wakala usiyemjua, nafasi ya kwanza fanya kwa saa. Kwa nini? Kwa sababu ukilipwa kwa anayeajiriwa, unaweza kuleta watu wanne wazuri, kisha mteja akaahirisha bajeti, nawe ukaondoka mikono mitupu bila kosa lolote. Njia hiyo ikubali pale tu ukishajua kwamba nafasi imeidhinishwa, mshahara unajulikana, anayeamua ana jina, na siku za usaili zipo kwenye kalenda yake.

Na ukiikubali, mambo mawili yawe kwenye maandishi. Kwanza, unalipwa lini: mtu akisaini mkataba, akianza kazi, au akishamaliza siku 90 kazini? Pili, mtu uliyemleta anahesabika wako kwa muda gani? Mwaka wangu wa kwanza nilimtaja mtu mmoja kwa simu, nikaambiwa "huyo tunaye tayari," na baada ya wiki nane nikasikia ameajiriwa. Sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Tangu siku hiyo, kila jina naliwasilisha kwa barua pepe yenye tarehe, na naliwasilisha mwenye jina akishakubali.

Hatua ya pili, kusaka. Nafungua Google na kuandika hivi:

```
site:linkedin.com/in ("accounts payable" OR "AP accountant" OR "AP specialist") SAP -intern -recruiter
```

Tuitazame polepole. `site:` inaiambia Google itafute ndani ya kurasa za watu za LinkedIn tu. Alama za kunukuu zinashikilia maneno yakae pamoja. `OR` iandikwe kwa herufi kubwa, na inakuletea mtu aliyetumia jina lolote kati ya hayo matatu, maana kazi ileile kila kampuni huiita jina lake. Alama ya kutoa inaondoa wanafunzi wa mafunzo kazini pamoja na mawakala wenzetu.

Majibu yakiwa mengi mno, usiongeze sifa nyingine. Badilisha neno moja, kisha tazama ukurasa wa kwanza. Kama watu saba kati ya kumi si wahasibu, neno lako ni bovu. Na usitumie programu za kuvuna kurasa zenyewe. Masharti ya LinkedIn yanazikataza na akaunti yako inaweza kufungwa. Mimi nilifungua kurasa 60 kwa mkono, nikaweka 24 kwenye jedwali langu. Jedwali lina safu chache: jina, kiungo, nilimpata wapi, tarehe ya ujumbe, jibu, na sababu. Safu ya sababu ndiyo wakala anayoisoma kwanza.

Hatua ya tatu, ujumbe wa kwanza. Huu ndio nilioutuma, nausoma wote:

"Habari. Nimeona kwenye ukurasa wako wa LinkedIn kwamba umeshughulikia ankara za wasambazaji kwa miaka mitatu. Namsaidia wakala wa ajira kumtafuta mhasibu wa kazi hiyo, kwa mbali, saa zikikutana na UTC+1. Mshahara uko kati ya kiasi hiki na hiki. Hakuna ada yoyote unayotozwa. Ungependa nikutumie maelezo zaidi? Ukijibu hapana, nafuta jina lako kwenye orodha yangu."

Nimetaja nilipompata kwa makusudi. Mteja huyu yuko Ulaya, na kifungu cha 14 cha sheria yao ya taarifa binafsi, GDPR, kinataka mtu ambaye taarifa zake hukuzipata kwake mwenyewe aelezwe zilikotoka. Ukiwa unamwandikia, aelezwe mapema au kwenye ujumbe wa kwanza wenyewe, usichelewe kupita hapo. Maelezo mengine ya sheria hiyo, kama nani anazitunza taarifa na kwa nini, niliyaweka kwenye kiungo chini ya ujumbe. Kuhusu ada, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kimsingi unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi. Watu wametapeliwa sana kwa kazi za mbali. Sentensi hiyo moja inamwondolea mtu hofu, nami naiandika kila mara.

Kati ya 24 walijibu tisa, na sita wakatuma wasifu.

Hatua ya nne ni kuchuja, na hapa tukae kidogo. Nasoma wasifu wote kwa mpangilio uleule: sharti la kwanza, la pili, la tatu. Picha, umri, ana mume au hana, hayo siyaingizi kwenye jedwali hata yakiwa yameandikwa.

Tazameni wasifu huu. Kampuni ya kwanza, 2021–2022. Jicho linasoma miaka miwili. Lakini Desemba 2021 mpaka Januari 2022 nayo huandikwa vilevile, na hiyo ni miezi miwili. Mwaka usio na mwezi haupimi kitu. Usimkate mtu kwa hilo, muulize miezi. Huyu alijibu: Februari 2021 hadi Novemba 2022. Ni miezi 22 ukihesabu na ya mwisho, na kwa kuwa ana kazi nyingine baada ya hapo, sharti la miaka miwili limetimia.

Sasa SAP. Usimuulize mtu kama anaijua, kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Niliwapigia wote sita simu ya dakika kumi na kuwauliza: "Lini unatumia `FB60` na lini `MIRO`?" Hizo ni amri zinazochapwa ndani ya SAP. `FB60` ni ya kuingiza ankara isiyo na oda ya ununuzi, tuseme ankara ya umeme. `MIRO` ni ya ankara inayofuata oda, ambapo unalinganisha oda, hati ya kupokelea mzigo, na ankara yenyewe. Aliyefanya kazi hiyo anajibu kabla hujamaliza swali, na mara nyingi anakuongezea kisa cha ankara iliyogoma kwa sababu idadi haikulingana. Mmoja wao aliniambia bila kuficha kwamba alikuwa anatazama ripoti tu, ankara ziliingizwa na mwenzake. Namheshimu kwa ukweli huo, na nilimwandika kwa nafasi nyingine.

Swali hili lina mpaka wake. Kampuni nyingine zimehamia kwenye matoleo mapya ya SAP ambako mtu anabonyeza vigae kwenye skrini na hachapi amri. Mtu akikuambia hazijui hizo amri, mwambie akueleze anavyoingiza ankara, hatua kwa hatua. Ukisikia ulinganisho wa zile hati tatu, umempata.

Baada ya kupima masharti yote matatu, wakabaki wanne. Kwa kila mmoja nilimwandikia wakala mistari mitatu: anakidhi nini, nini sijakithibitisha, na anaweza kuanza lini. Huo mstari wa pili usiuache. Ukiuficha udhaifu, msaili ataukuta mwenyewe, na safari ijayo hatayaamini majina yako.

Hatua ya tano, ratiba. Muombe msaili nafasi sita zilizo wazi, umpe kila mwombaji tatu achague. Kisha tuma mwaliko wa kalenda, maana kalenda yenyewe inageuza saa. Hapa angalia tarehe sana. Ulaya wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Kabla ya hapo, saa 14:00 ya msaili wa UTC+1 ni 16:00 kwa mwombaji aliye UTC+3. Baada ya hapo ni 15:00. Marekani wao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo wasaili wa pande hizo mbili wakikutana katikati, hesabu zako za kichwani zitakudanganya.

Na sisi tunaoongea Kiswahili tuna la kwetu. Niliwahi kumwandikia mwombaji "usaili ni saa 9," nikimaanisha alasiri. Yeye akasoma 9:00. Akaingia kwenye kiungo asubuhi, akakaa peke yake dakika ishirini, akaondoka akiamini amedharauliwa. Nilimpigia kuomba radhi, na alasiri akarudi, lakini alikuwa amechoka na ilionekana. Sasa naandika hivi: "15:00, yaani saa tisa alasiri, kwa saa za kwako." Siku moja kabla natuma kumbusho, na nasubiri anijibu. Asiyejibu, nampigia.

Usaili wa wote wanne ulifanyika ndani ya siku tatu, na mmoja akachukuliwa, yule wa miezi 22. Watatu waliobaki niliwapa jibu siku hiyohiyo wakala aliponithibitishia. Kazi nzima ilikula saa 17, na karibu saa sita kati yake zilikuwa za kuchuja na kupiga simu. Nililipwa kwa saa. Nafasi ya pili wakala huyohuyo ametaka tufanye kwa anayeajiriwa, malipo baada ya siku 90, nami nimekubali. Siku mtu wa nafasi hiyo ya pili atakapoanza kazi, nitahesabu siku 90 na kuiweka tarehe hiyo kwenye kalenda yangu, pamoja na ile barua pepe yenye jina lake.