Kikombe kilichoota vishikio vingi

Ndugu zangu, leo nitazungumzia kikombe kimoja tu, maana kilinisumbua wiki nzima nikijaribu kukitengenezea modeli ya 3D kwa kuunganisha skani zake.

Nilikiweka juu ya sahani inayozunguka, kamera ya kina, ile inayopima umbali wa kila inachokiona, ikiwa imetulia mbele yake. Kila nilipozungusha nyuzi 30 nilipiga skani, jumla zikawa 12. Kila skani ni wingu la nukta, na wingu hilo huja na uchafu. Ukingoni mwa kikombe kamera huchanganya umbali wa kikombe na wa ukuta wa nyuma, kwa hiyo nukta huning'inia hewani katikati ya vitu hivyo viwili. Nilikata kila kilichokuwa nje ya sahani, kisha nikachuja kwa Open3D, maktaba ya Python:

```
pcd = pcd.voxel_down_sample(0.003)
pcd, ind = pcd.remove_statistical_outlier(20, 2.0)
```

Mstari wa kwanza hubakiza nukta moja katika kila kijisanduku cha milimita 3. Wa pili hutazama majirani 20 wa kila nukta na kuitupa ile iliyo mbali nao kupita kawaida.

Kisha nikaipa kazi ICP, mbinu ya kulinganisha skani moja na nyingine. Hiyo huitafutia kila nukta jirani yake wa karibu katika skani nyingine, hukokotoa mzunguko na msogeo unaopunguza umbali baina yao, halafu hurudia. Namba zilipendeza: `fitness`, yaani sehemu ya nukta zilizopata jirani, ilikaribia 1, na `inlier_rmse`, yaani wastani wa umbali kati ya majirani hao, ilikuwa ndogo. Kufungua umbo lenyewe, nikaona nusu kikombe chenye vishikio kila upande, kama pweza! Mgongo wake haukuwepo kabisa.

Kwa nini? Ubavu wa kikombe ni mviringo. Ukizungusha nyuzi 30, kamera inaona ubavu wenye umbo lilelile mahali palepale. Kwa ICP, skani mbili tayari zimelingana bila kusogezwa hata kidogo. Kishikio peke yake kilipinga, na nukta zake chache zilizidiwa na maelfu ya ubavu. Namba hizo hupima ukaribu wa nyuso tu, wala hazijui kwamba uso umeteleza juu ya mwenzake.

Nilirekebisha mambo mawili. Kwanza, nilibandika visanduku vitatu vya ukubwa tofauti juu ya sahani, bila mpangilio, vizunguke pamoja na kikombe. Pembe zake haziruhusu utelezi, na mwishoni nilivikata. Pili, niliianzishia ICP kwa mzunguko wa nyuzi 30 ninaoujua. Hapa nilikosea tena: niliuzungusha mzunguko huo kwenye kitovu cha kamera, kikombe kikarushwa mbali. Lazima kwanza usogeze kitovu cha sahani hadi sifuri, uzungushe kwa mhimili wake, ndipo ukirudishe. Baada ya hapo niliruhusu jirani awe mbali hadi sentimita 2, kisha nikarudia kwa milimita 5.

Siku hizi namba naziangalia baadaye. Kwanza nahesabu vishikio, halafu naikata modeli kwa upana nitazame mdomo wa kikombe pale skani ya 12 inapokutana na ya 1. Nikiona mistari miwili badala ya mmoja, najua makosa madogo ya kila hatua yamejilimbikiza huko.