Gawio la kesho, opsheni ya leo: utekeleze au usubiri?

Karibuni. Leo nina swali moja tu. Una opsheni ya kununua hisa ya Marekani, ya aina inayoruhusu kutekelezwa siku yoyote kabla ya kuisha. Kesho hisa inaanza kuuzwa bila gawio, na gawio lenyewe limeshatangazwa. Mwenye opsheni halipwi gawio, anayelipwa ni mwenye hisa. Je, utekeleze leo ili ulipate, au uendelee kushika opsheni yako? Watu hukimbilia programu za kukokotoa. Mimi nitatumia kutoa na kujumlisha.

Tuchukue namba. Hisa iko dola 108. Bei ya mkataba ni 100. Gawio ni senti 90. Baada ya kesho zinabaki siku 30 opsheni iishe, na katikati hakuna gawio lingine. Riba ni asilimia 5 kwa mwaka. Nahesabu kwa hisa moja. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo mtazidisha wenyewe.

Ukitekeleza leo, unatoa 100 na kupokea kitu cha 108. Thamani yake ni 8.00, hapo hakuna ubishi. Kazi iko upande wa kusubiri. Kesho asubuhi hisa, mambo mengine yakibaki kama yalivyo, itafunguka kwenye 107.10, kwa sababu senti 90 zimeshatoka ndani yake. Opsheni yako itakuwa na thamani gani?

Hapa ndipo mpaka wa chini unapoingia. Chukua opsheni hiyo, kisha weka benki dola 99.59. Baada ya siku 30 zitakuwa 100. Hisa ikiwa juu ya 100, unatoa hizo 100 unachukua hisa. Ikiwa chini, unaiacha opsheni ife na unabaki na 100 zako, ambazo ni nyingi kuliko bei ya hisa. Kwa vyovyote huwezi kuwa nyuma ya mtu aliyenunua hisa kesho. Basi opsheni pamoja na 99.59 haiwezi kuwa na thamani ndogo kuliko 107.10. Yaani opsheni peke yake haishuki chini ya 7.51.

Sasa linganisheni: 8.00 mkononi, dhidi ya angalau 7.51. Tofauti ni senti 49. Imetoka wapi? Ni gawio la senti 90 ukitoa senti 41, ambazo ni riba ya dola 100 kwa siku 30. Hilo ndilo jaribio la kwanza. Gawio likiwa dogo kuliko riba ya bei ya mkataba kwa muda uliobaki, usitekeleze, na wala huna haja ya kujua hisa iko bei gani wala inayumba kiasi gani. Tuseme zingebaki siku 90 badala ya 30. Riba ingekuwa dola 1.23, gawio ni senti 90, na mjadala ungeishia hapo. Ndiyo maana opsheni za muda mrefu hutekelezwa mapema kwa nadra, hasa wakati riba iko juu.

Lakini kwetu gawio limeizidi riba. Msiharakishe. Jaribio la kwanza likikataa, limekataa kabisa. Likikubali, limesema tu “labda”. Ule 7.51 ni mpaka wa chini, na thamani halisi iko juu yake. Kilicho juu ni kinga: uwezo wa kuiacha opsheni ife hisa ikianguka chini ya 100. Aliyetekeleza anamiliki hisa na ataanguka nayo. Kinga hiyo ina bei, na bei hiyo iko kwenye skrini yenu sasa hivi. Ni bei ya opsheni ya kuuza yenye bei ileile ya mkataba na tarehe ileile ya kuisha. Soko linajua hisa itashuka kesho, kwa hiyo bei ya leo ya opsheni ya kuuza imeshaliweka gawio hesabuni. Nimeandika ubaoni hivi, D ikiwa gawio, K bei ya mkataba, r riba ya mwaka, T muda uliobaki kwa miaka, na P bei ya opsheni ya kuuza:

D > K(1 − e^(−rT)) + P

Kwa maneno: tekeleza pale tu gawio linapozidi riba na bei ya opsheni ya kuuza kwa pamoja. Tuseme opsheni ya kuuza ya 100 iko senti 28. Senti 41 na 28 ni 69. Gawio ni 90. Kusubiri kuna thamani ya 7.79, kutekeleza 8.00. Kwa mkataba mmoja unaacha dola 21 mezani ukilala.

Sasa ishusheni hisa hadi 104, yote mengine yakae vilevile. Opsheni ya kuuza itapanda, tuseme iwe senti 95, kwa sababu 100 imekuwa karibu. Riba na kinga ni dola 1.36, na gawio bado ni senti 90. Mtekelezaji anapata 4.00 wakati opsheni ya msubiriji ina thamani ya 4.46. Gawio ni lilelile, siku ni ileile, jibu limegeuka. Anayetazama ukubwa wa gawio peke yake atakosea hapa.

Kuna aliyeuliza pale nyuma: kwa nini nisitekeleze wiki moja kabla? Kwa sababu ungetoa dola 100 mapema bure na kuitupa kinga ya wiki nzima, na gawio lisingeongezeka hata senti. Ni siku ya mwisho kabla ya hisa kuuzwa bila gawio, basi.

Hizo dola 21 za aliyelala haziyeyuki. Zinabaki kwa aliyemuuzia opsheni. Kule Marekani ofisi ya malipo ya opsheni hugawa maombi ya utekelezaji kwa bahati nasibu miongoni mwa waliouza. Ndiyo maana siku moja kabla ya gawio mtaona biashara kubwa ya ajabu kwenye opsheni zilizo ndani sana, yaani zile ambazo bei ya mkataba iko chini sana ya bei ya hisa. Wakubwa hununua na kuuza idadi ileile, wanatekeleza zote walizonunua, kisha wanangoja kuona ngapi kati ya walizouza zimesahauliwa.

Sasa la kwetu, maana wengi hapa mnafanya biashara hii kupitia madalali wa mtandaoni mkiwa Dar au Nairobi. Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo, na Tanzania na Kenya hazina. Senti 90 zinakuwa 63. Rudini kwenye mfano wa 108: riba na kinga ni 69. Ukitekeleza na kulala na hisa, unabaki na 7.73, chini ya 7.79 ya kusubiri. Kwa mgeni jaribio limegeuka.

Lakini msisubiri pia! Kuna njia ya tatu: iuzeni opsheni leo. Bei yake sokoni inapaswa kuwa karibu na 8.00, kwa sababu Mmarekani anaijua thamani hiyo. Ikiwa wanunuzi wanatoa 7.92, bado imepita zote mbili. Lakini pengo kati ya bei yao na 8.00 likizidi ada ya dalali, tekelezeni na kuuza hisa leoleo kwa 108, kama dalali anaruhusu, ili kesho isiwakute na hisa. Gawio halitawahusu, wala kodi yake.

Mipaka ya hesabu hii ni michache. Gawio maalumu, lile la mara moja, kwa kawaida hurekebishwa kwenye mkataba wenyewe, hivyo swali halizuki. Magawio yakiwa mawili kabla ya kuisha, kwenye jaribio la kwanza weka riba ya hadi gawio linalofuata, si ya hadi mwisho. Opsheni ya kuuza isiyo na wanunuzi ina pengo kubwa kati ya bei za kununua na kuuza: pimeni kwa bei zote mbili, na majibu yakitofautiana, hesabu hii haitoi jibu la uhakika. Na tangu tarehe 28 Mei 2024, malipo ya hisa Marekani hukamilika siku moja baada ya biashara, kwa hiyo siku ya kuuzwa bila gawio na siku ya kuandikishwa wenye hisa kwa kawaida ni moja. Ombi lako lazima liingie siku ya kazi iliyotangulia, kabla ya saa ya mwisho ya dalali wako, ambayo huenda ikawa mapema kuliko ya soko. Kwetu hiyo ni usiku.