Sababu ndiyo jibu: kusema wazi na kusema kwa kuzunguka mikutanoni

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Nadharia nitaigusa tu. Mwaka 1976 Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika kwamba zipo jamii ambazo ujumbe hukaa ndani ya maneno yenyewe, na nyingine ambazo hukaa zaidi pembeni: nani kasema, mbele ya nani, na kipi hakikutajwa. Sasa tuwakutanishe mezani watu wa jamii hizi mbili.

Chukueni mradi wa maji, tuseme Dodoma. Meneja ni Mholanzi, mhandisi ni Mtanzania mwenye umri wake. Meneja anauliza, "Pampu zitakuwa zimefungwa Ijumaa?" Mhandisi anatulia kidogo. "Mzigo bado uko bandarini. Ila tutajitahidi." Meneja anaandika: Ijumaa. Watanzania waliobaki mezani wameshaelewa kwamba Ijumaa haipo. Ikipita bila pampu, meneja anamwona mhandisi si mkweli, na mhandisi naye anashangaa, maana alishasema. Kwake sababu ndiyo jibu, na kuongeza "hapana" juu yake ni kumkatalia mkubwa hadharani.

Ikaja bajeti. Meneja: "Hesabu hii siikubali. Usafiri umehesabiwa mara mbili." Vijana wa mhandisi wamekaa palepale, wanatazama madaftari yao. Meneja anaona ametenda haki: ameisoma karatasi kwa makini, na kosa la karatasi si la mtu. Wakati wa chai anamfuata mhandisi, anamuuliza habari za watoto. Mhandisi anaona unafiki: umenivua nguo mbele ya watu, sasa unanichekea? Mkutano unaofuata hakuna anayeleta rasimu, vijana kimya, na meneja anauhesabu ukimya ule kuwa makubaliano. Mimi naona hasara kubwa iko hapa, kuliko kwenye ile Ijumaa.

Wala msiseme Mtanzania hajui kusema wazi. Mhandisi huyohuyo akiwa saiti humwambia fundi, "Bomoa, anza upya," bila kupepesa macho. Kinachoamua ni cheo, na nani anasikiliza.

Kwa hiyo meneja aache maswali ya ndiyo au hapana. Aulize, "Nini hakijafika?" Kisha, "Mzigo ukitoka leo, kuufikisha na kufunga ni siku ngapi?" Hapo hakuna anayelazimika kukataa. "Tutajitahidi" ya kweli nayo hujulikana: huja na jina la mtu na siku. Bajeti waipitie wawili tu kabla ya kikao. Meneja atalalamika kwamba muda unapotea, na wiki za mwanzo atakuwa hakukosea.

Na wewe mhandisi, ukishataja sababu, malizia na tarehe: "Mzigo uko bandarini, kwa hiyo tuseme Jumatano ya wiki ijayo." Hujamkatalia mtu, na meneja amepata cha kuandika.