Piki mbili za DMF: kwa nini bondi ya amaidi haizunguki ovyo

Haya jamani karibuni, mliosimama kule nyuma sogeeni mbele maana nitashika karatasi na mtataka kuiona. Leo naongelea kitu kimoja tu, bondi ya kaboni na naitrojeni kwenye amaidi, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa mwanafunzi nilitengeneza kitu chenye amaidi ndani yake, nikakipeleka kwenye NMR, mashine inayoonyesha piki kwa kila haidrojeni kulingana na mahali ilipokaa, spektra ikarudi na piki nyingi zimejirudia, yaani mahali nilipotegemea piki moja nakuta mbili, moja kubwa na pembeni yake ndogo. Nikasema hii chafu. Nikaipitisha kwenye kolamu ya silika, nikapima tena, piki ziko vilevile. Nikarudia kolamu mara ya pili, sasa sampuli imebaki kidogo mno chini ya chupa na piki bado ni zilezile kwa uwiano uleule. Mzee mmoja wa maabara akaniuliza swali fupi, umejaribu kuipasha moto? Sikuelewa anamaanisha nini. Tulipoipasha moto ndani ya mashine zile piki zikaungana. Kumbe sampuli ilikuwa safi toka siku ya kwanza, na mimi nimemwaga kazi ya wiki mbili.

Sasa tuchukue molekuli ndogo kuliko ile yangu, ambayo karibu kila maabara ya kemia inayo kwenye chupa, DMF, dimethaili fomamaidi. Ina kaboni moja iliyoshika oksijeni kwa bondi dabo, kaboni hiyohiyo imeshika haidrojeni moja na naitrojeni, halafu naitrojeni imeshika methaili mbili. Basi. Ukiichora kama tulivyofundishwa sekondari, kati ya kaboni na naitrojeni unaweka kistari kimoja, bondi singo, na bondi singo tunaambiwa inazunguka kama gurudumu. Kama inazunguka hivyo, methaili zote mbili zinapokezana nafasi haraka kiasi kwamba NMR haiwezi kuzitofautisha, utaona piki moja. Lakini weka DMF kwenye kiyeyusho cha DMSO, pima kwenye joto la kawaida la chumba, unaona piki ya haidrojeni ya fomaili kule ppm 7.95, halafu methaili ziko mbili, moja 2.89 na nyingine 2.73, kila moja haidrojeni tatu. Maana yake methaili moja imekaa upande wa oksijeni, nyingine upande wa ile haidrojeni, na zimekaa hapo muda wa kutosha mashine ikaziona kama watu wawili tofauti.

Nini kinazishikilia? Naitrojeni ina jozi moja ya elektroni ambayo haijaitumia kushika mtu. Kwenye amini ya kawaida jozi hiyo inabaki kwake na naitrojeni inakaa kama piramidi fupi. Kwenye amaidi jirani yake ni kaboni yenye bondi dabo na oksijeni, na oksijeni inavuta elektroni sana, kwa hiyo naitrojeni inajinyoosha ikawa bapa ili jozi yake isimame sambamba na ile bondi ya pai ya kaboni na oksijeni, zikishasimama sambamba jozi inamwagikia kule. Matokeo yake oksijeni inapata hasi zaidi, naitrojeni inapungukiwa, na katikati ya kaboni na naitrojeni panakuwa na kitu zaidi ya bondi singo. Ndiyo maana kwenye ubao tunachora picha mbili na mshale wa rezonansi katikati.

Hapo kuna watu huwa wanapotea, wanadhani molekuli inarukaruka, sasa hivi iko picha ya kwanza baadaye kidogo iko ya pili. Hapana. Fikiria chai ya maziwa kwenye kikombe chako, haiwi dakika moja chai kavu na dakika nyingine maziwa matupu, kila funda ni vyote viwili. Molekuli ni moja na iko hivyo muda wote, ni sisi tulioshindwa kuichora kwa mistari yetu tukalazimika kuweka picha mbili.

Urefu wa bondi unaonyesha. Kaboni na naitrojeni kwa bondi singo kwenye amini ni kama pikomita 147, kwa bondi dabo kamili ni kama 127, na kwenye amaidi ni karibu 133. Ukigawa kwa mstari ulionyooka utasema basi ni dabo kwa asilimia 70, ila urefu haupungui kwa mstari, mwanzo wa udabo unafupisha bondi kuliko mwisho wake. Mkemia Linus Pauling alikadiria kama asilimia 40, na mimi nawaomba msiishike 40 hiyo kama kipimo cha rula, ni njia ya kusema ni kidogo chini ya nusu.

Kitu cha kupima kweli ni gharama ya kuzungusha. Ukiipinda DMF mpaka nyuzi 90 ile jozi ya naitrojeni haiko sambamba tena na pai, imelala pembeni, haina pa kumwagikia, faida yote imepotea. Hicho ndicho kilima ambacho molekuli lazima ipande kabla methaili hazijabadilishana nafasi, na kilima hicho tunaweza kukipima kwa kuangalia tu piki zinavyofanya ukiongeza joto, ngoja tufanye pamoja.

Tuseme una mashine ndogo ya 60 MHz, zile zinazokaa mezani. Piki mbili zimeachana ppm 0.16, mara 60 ni hezi 9.6. Unapandisha joto polepole. Mwanzoni huoni tofauti, kwenye nyuzi 80 hivi zinaanza kunenepa chini, halafu bonde la katikati linajaa taratibu, na ukifika karibu nyuzi 120 bonde linapotea kabisa inabaki piki moja pana yenye kichwa bapa kama kilima kilichokatwa juu. Hiyo ndiyo joto la kuungana. Ukizidi hapo inaanza kuchongoka, inakuwa piki moja nyembamba nzuri. Pale pa kuungana kasi ya kubadilishana inapatikana kwa fomula hii, na ya pili inakupa kilima chenyewe:

```
k = 2.22 × Δν
ΔG‡ = R × T × (23.76 + ln(T/k))
```

Weka namba, Δν ni zile hezi 9.6 na R ni 8.314, namba ya gesi. 2.22 mara 9.6 ni 21.3, yaani methaili zinabadilishana nafasi kama mara 21 kwa sekunde. T ni 393 kwa kelvini. 393 gawanya kwa 21.3 ni 18.45, logi asilia yake 2.92, jumlisha 23.76 unapata 26.68, mara 393 mara 8.314, inatoka kama juli 87,000, kilojuli 87 kwa moli. Linganisha, kuzungusha bondi singo ya kaboni mbili kwenye ethani ni kama kilojuli 12 tu, na kuvunja pai ya ethilini ili uizungushe ni kama 270. Amaidi imekaa katikati, karibu theluthi ya njia.

Halafu ukirudisha namba hiyo kwenye nyuzi 25 inatoka kasi ya kama 0.0033 kwa sekunde, na hii mimi kila nikiipiga huwa naifurahia, molekuli moja ya DMF ndani ya chupa mezani kwako inakaa kwa wastani kama dakika tano nzima kabla haijageuka. Dakika tano! Kwa molekuli ambayo inagongana na majirani mabilioni ya mara kila sekunde. Ethani imeshazunguka mara nyingi mno hata kabla hujapepesa jicho.

Sasa tahadhari moja, joto la kuungana si mali ya molekuli peke yake. Chukua DMF ileile kwenye mashine ya 300 MHz, piki sasa zimeachana hezi 48, inahitajika kasi ya 107 kwa sekunde ili ziungane, na hesabu inakupeleka karibu nyuzi 145. Kilima hakijabadilika, umebadilisha macho. Nimeona mtu anaandika joto la kuungana bila kusema mashine ya ngapi, namba hiyo haimsaidii msomaji. Na kiyeyusho nacho kinahusika, amaidi ikiwa bapa ina mgawanyo mkubwa wa chaji kuliko ikiwa imepinda, kwa hiyo maji na viyeyusho vya aina yake vinaituliza ile bapa na kilima kinapanda kidogo.

Kwa hiyo ukiwa na sampuli ya amaidi na piki zimejirudia, ipashe moto kwanza. Zikinenepa na kuungana, na ukipoza zinarudi mbili kama zilivyokuwa, hiyo ni molekuli moja inayogeuka, usiipeleke kwenye kolamu. Uchafu hauungani na mtu. Na badilisha kiyeyusho pia, uwiano wa ile kubwa na ndogo ukihama basi si uchafu, uchafu uwiano wake haujali umeuyeyusha wapi.

Naomba ile karatasi sasa. Asante. Mwaka 1948 Pauling alikuwa Oxford, mafua yamemlaza kitandani, akachukua karatasi akachora mnyororo wa protini akaanza kuikunja. Protini ni amaidi baada ya amaidi, na yeye alijua kutoka kwenye fuwele za vitu vidogo ambavyo Robert Corey alikuwa amevipima kwamba kila amaidi lazima iwe bapa. Kwa hiyo hakukunja popote, angalieni, sehemu hii ya amaidi naiacha imenyooka ngumu, nakunja hapa tu, kwenye kaboni iliyo kati ya amaidi mbili, kunja, kunja, kila kunjo pembe ileile, na karatasi inajizungusha yenyewe ikawa parafujo. Helisi ya alfa hiyo, asidi amino 3.6 kwa kila duara, wakaichapisha 1951 yeye, Corey na Branson. Kule Cambridge Bragg, Kendrew na Perutz walikuwa wamechapisha 1950 orodha ya maumbo yanayowezekana na hiyo haikuwemo, kwa sababu mbili, walitaka namba kamili kwenye kila duara, na hawakuilazimisha amaidi iwe bapa. Wakawa na maumbo mengi mno ya kuchagua na la kweli halimo. Ule ugumu ambao mtu angeuona kama kizuizi ndio uliompa Pauling jibu.

Swali zuri hilo la dada pale, je ukiilazimisha amaidi ipinde inakuwaje? Kuna watu walifanya. 2-kwinuklidoni ni amaidi iliyofungwa ndani ya kizimba cha pete kiasi kwamba naitrojeni haiwezi kabisa kujilaza, jozi yake inaangalia pembeni kwa lazima. Tani na Stoltz walifanikiwa kuitengeneza kama chumvi mwaka 2006. Amaidi ya kawaida asidi inaigusa kwenye oksijeni, hii inaguswa kwenye naitrojeni, maana jozi iko wazi kama ya amini. Na amaidi ya kawaida unaweza kuiweka kwenye maji miaka ikakaa, hii ukiitia kwenye maji inafunguka ndani ya sekunde chache.